Video ya kufundishia vibarua wa asali: nilivyoipunguza bila kupoteza kazi

Kituo kimoja cha kufungasha asali hapa Tabora kiliniletea video yao ya kufundishia wafanyakazi wapya. Ilikuwa ya dakika 19. Vibarua wengi huingia msimu wa kurina, wanaitazama kwenye simu ya mwenzao, na ikifika katikati wameshaanza kupiga soga. Mwenye kituo alitaka ifupishwe, nami nikakubali, ila nikaomba kwanza maneno yote ya video yaandikwe kwenye karatasi.

Kazi hii ya kuandika inachosha lakini usiiruke. Pembeni ya kila sentensi weka dakika inapotamkwa, kisha alama moja kati ya tatu: K kwa kitendo, S kwa sababu, R kwa rudio. Ukikata kwa kutazama tu utaondoa sehemu zinazokuchosha wewe unayeijua kazi, na mgeni anaweza kuwa anazihitaji sehemu hizo hizo.

Karatasi ilionyesha kwamba mzee aliyekuwa anafundisha alieleza kila jambo mara tatu: alipotambulisha vifaa, alipofanya kazi yenyewe, na mwishoni alipokumbusha. Hilo si kosa. Ukifundisha watu uso kwa uso unarudia, maana aliyepitwa hawezi kukurudisha nyuma. Kwenye simu anarudisha kwa kidole. Kwa hiyo utambulisho wa vifaa niliuondoa wote, na kila kifaa kikaonekana mara ya kwanza pale kinaposhikwa. Ukumbusho wa mwisho nao ukaondoka, isipokuwa sentensi moja ya kunawa mikono, ambayo niliihamishia mwanzo kwa sababu ndiko inakofanyika.

Chukua hatua ya kupima maji yaliyomo kwenye asali. Kituo kinatumia rifraktomita, ile darubini ndogo ya mkononi. Unaweka tone kwenye kioo, unafunika kifuniko pasipo kuacha mapovu, unasubiri kama sekunde 30 ili asali na kioo vipate joto moja, kisha unaelekeza kwenye mwanga na kusoma mstari unaotenganisha sehemu ya buluu na nyeupe. Ikizidi asilimia 20, ndoo inawekwa kando, kwani asali yenye maji mengi huchacha. Katika video ya awali maelezo haya yalikula karibu dakika 4. Nilibakiza dakika moja na nusu.

Hapo kwenye kusubiri pana mtego. Mhariri yeyote atatamani kuzikata zile sekunde ambazo hakuna kinachotokea. Ukizikata kimya kimya, mgeni anaona tone likiwekwa na jicho likiwa tayari kwenye lenzi, naye atafanya hivyo hivyo, asome kabla ya wakati. Kata ukipenda, ila kibandiko, yaani maandishi unayoweka juu ya picha, kiseme: SUBIRI SEKUNDE 30.

Vibandiko vyenyewe nilivianza na kitenzi. «Upimaji wa unyevu» hakimwambii mtu afanye nini, lakini HATUA 3: PIMA MAJI kinamwambia. Kibandiko kikae juu ya skrini tangu hatua inapoanza hadi inapokwisha, kisipite kwa sekunde mbili halafu kitoweke. Chini usikiweke, maana ukigusa simu kusimamisha video, vitufe vya kuchezea hukifunika. Maneno manne au matano yanatosha, meupe juu ya mkanda mweusi, kwa sababu rangi ya asali humeza maandishi ya njano na hata meupe yasiyo na mkanda.

Nilihariri kwa CapCut kwenye simu: Split mwanzo na mwisho wa kila R, kisha kufuta. Shida ni kwamba ukikata katikati ya maneno, kichwa cha msemaji kinaruka. Nilifunika mruko kwa picha ya karibu ya mikono yake, huku sauti ikiendelea chini yake. Kwa hiyo siku ya kurekodi piga picha za karibu za mikono ikifanya kila hatua, hata kama hujui utaitumia wapi.

Kabla ya kuikabidhi nilienda kwa mzee. Huwezi kukata maneno ya mtu mzima halafu ayakute yamekatwa mbele ya vijana wake. Nilimwonyesha karatasi, akaniuliza, «Mwanangu, hii ya povu mbona umeitoa?» Alikuwa anasema mara mbili kwamba povu lazima liachwe lipande juu kabla ya kujaza chupa. Mimi niliihesabu ya pili kuwa R. Akanieleza kwamba ya kwanza inahusu ndoo ya kuchujia, na ya pili tangi lenye koki, na wageni hufungua koki mapema. Nikairudisha, na tangi likapata kibandiko chake.

Video ikaishia dakika 8. Kuijaribu, tulimpa kijana asiyewahi kuingia kituoni aitazame bila sauti, kisha apime ndoo moja. Alikwama kwenye kusafisha kioo tu: alitumia kitambaa kikavu, ambacho huweza kukwaruza. Tukaongeza kibandiko FUTA KWA KITAMBAA LAINI CHENYE MAJI. Hatua ya 3 nimeitoa pia kama faili lake peke yake, kwa kuwa ndiyo wanayoitafuta tena wakiwa kazini, na hakuna atakayepekua dakika 8 akiwa ameshika rifraktomita.