Chakula cha watu ishirini kiive pamoja, kifike mezani moto

Swali: Mpishi, Jumapili napokea familia ya mume wangu hapa Jinja, watu kama ishirini, tutakula saa saba mchana. Nataka matoke, luwombo ya kuku wa kienyeji, pilau, chapati na mboga ya dodo. Nina sigiri mbili na gesi ya pleti mbili. Kila mara kimoja kinapoa kingine bado kibichi, nianze saa ngapi?

Jibu: Dada, kwanza saa saba iache kabisa, hiyo ni saa ya watu kula. Kupakua kwa watu ishirini, kufungua majani na kupanga mabakuli kunachukua dakika ishirini hivi, kwa hiyo saa yako ya kuhesabia ni saa sita na dakika arobaini, kila kitu kiwe kimeiva hapo, halafu kutoka hapo unarudi nyuma.

Sasa ukirudi nyuma usianze na chakula unachokipenda, anza na kile kinachoshika moto muda mrefu, na hapo kwako ni luwombo. Kuku wa kienyeji kwenye majani anataka masaa mawili na nusu ya mvuke (wa broila angeiva mapema zaidi), na matoke yatapikika kwenye sufuria hiyo hiyo, vikonyo vya mgomba chini, fungu la matoke juu yake, vifurushi vya luwombo juu kabisa. Kwa hiyo sigiri ya kwanza washa saa tatu kamili asubuhi maana makaa yanataka kama nusu saa kushika vizuri, sufuria ipande saa tatu na nusu na maji yaliyochemka tayari kwenye gesi. Wengi wanapotelea hapo, wanahesabu muda wa kupika lakini muda wa sufuria kubwa ya maji baridi kuchemka hawauhesabu, na kwenye sufuria ya watu ishirini huo si mdogo.

Kwenye saa tano na nusu toa luwombo pembeni, fungua matoke uangalie. Yakiwa ya njano mpaka katikati na yanabonyea, yaminye ndani ya majani yake, funga tena, rudisha vyote. Kukiwa na weupe katikati usiminye, yatabaki na madonge, funika upe dakika ishirini zingine. Unaweza kufanya hivyo bila wasiwasi kwa sababu matoke yaliyominywa yanakaa kwenye mvuke saa nzima yakizidi kuwa laini tu, na luwombo hivyo hivyo. Ila sikiliza sufuria, ikinyamaza au ukisikia harufu ya jani linaloungua basi maji yamekwisha, ongeza ya moto, ya baridi yanaua mvuke na ratiba yote inasogea. Makaa ya kuongeza pia yawashe kwanza kwenye sigiri ya pili, usimwage meusi juu ya moto unaofanya kazi.

Sigiri ya pili ni ya pilau. Nyama ichemshwe humo asubuhi hadi ilainike, mchele kilo mbili uingie saa tano na dakika arobaini, maji yakikauka punguza makaa chini uweke mengine juu ya kifuniko. Kwenye saa sita na dakika ishirini imeiva, iache imefunikwa, ukiifungua kila dakika unatoa joto bure.

Pleti moja ya gesi iwe ya chapati kuanzia saa tano. Chapati thelathini kwa dakika tatu kila moja ni saa moja na nusu, na muda wote huo pleti hiyo haifanyi kitu kingine, kwa hiyo unga uukande asubuhi mapema upumzike, na kila chapati ikitoka iingie hotpoti yenye kitambaa kikavu ndani, bila kitambaa mvuke unazirowesha. Pleti ya pili ni ya maji ya kuongezea, na mwisho kabisa ni ya dodo.

Dodo ndiyo isiyojua kusubiri. Dakika kumi imeiva, dakika ishirini baadaye imekuwa nyeusi na imetoa maji. Ioshe na kuikata mapema, vitunguu na nyanya viwe tayari, lakini isipande saa sita na nusu kama wageni bado wako njiani, mpigie shemeji mmoja uulize wamefika wapi. Wakisema bado Lugazi, funika sigiri zote mbili na majivu kidogo makaa yawake polepole, chapati zimeshafungwa, dodo ikae kwenye ungo. Wakishasema wamevuka daraja la Nile hapo ndipo unawasha pleti.