Alifu maksura au yaa: sikiliza irabu iliyotangulia

"Ustadhi, niko Mbeya, nafundisha madrasa. Watoto wananiuliza kwa nini هدى ikiungwa na 'naa' inabadilika, na في haibadiliki. Mwishoni kwenye msahafu zote hazina nukta. Nizitofautisheje?"

Ndugu yangu, nukta zisikutawale. Msahafu wa Madina hauweki nukta kwenye yaa ya mwisho, na Wamisri wengi huandika hivyo hivyo. Tazama irabu ya herufi iliyo kabla yake. Katika هدى, dali ina fat-ha na sauti inavutwa "hadaa": hiyo ni alifu maksura. Katika في, faa ina kasra, sauti ni "fii": hiyo ni yaa.

Sasa ongeza kiambishi. Alifu maksura ikae mwisho tu. Ikisukumwa katikati, kwenye imla huandikwa alifu ya kawaida: هدى ni "aliongoza", هدانا "alituongoza". Vivyo hivyo مستشفى, hospitali, huwa مستشفانا. Yaa haigeuki, ila inapata nukta zake: كرسي, kiti, huwa كرسيك, kiti chako.

Watoto wanaokosea zaidi hukosea hapa: على, إلى na لدى huishia kwa alifu maksura, lakini zikipata kiambishi hurudi kuwa yaa, na matamshi hubadilika pia: "alaa" huwa "alayka", عليك. Hizi wazikariri.

Mtoto akikuonyesha msahafu wenye هدىنا, usimsahihishe. Hayo ni maandishi ya Kiuthmani, yenye alifu ndogo juu. Kanuni hii ni ya daftari la imla.