Ukisikia "chop" kwenye nyimbo za Wanaijeria, usikimbilie kisu

Mwaka fulani nilipewa maiki kwenye sendofu ya binamu yangu hapa Moshi, Majengo, didjei akapiga Chop My Money ya P-Square, ule wa albamu yao ya 2011, basi mi kwa kujifanya najua, si chop ya Kiingereza ni kukata, nikawatafsiria mashangazi: "anasema mkate hela zake!" Shangazi mmoja akauliza kwa sauti, akatwe hela, ana mkopo wapi? Ukumbi mzima ukacheka, na mi nikacheka nikidhani wamenielewa.

Kumbe sikuwa nimeelewa mimi. Baadae nilikuja kukaa na jirani Mnaijeria pale Arusha, na kila asubuhi ananisalimia "you don chop?" Nikamuuliza chop gani hiyo saa moja asubuhi. Akasema anauliza nimeshakula. Hiyo "don" ni kama "-mesha-" yetu, na "chop" kwenye pijini, kile Kiingereza chao cha mtaani, ni kula, ndo maana hata Ghana genge la mama ntilie wanaliita chop bar. Sa hapo ukiweka "kula" kila kitu kinanyooka, jamaa wa wimbo anamwambia demu kula hela zangu, mi sijali.

Ila angalia hela ni ya nani na nani anasema, maana hapo ndo neno linageuka. Mwenye hela akisema mwenyewe chop, ni tumia, jiachie. Kuna wimbo mwingine wa 2005 wa mchekeshaji Nkem Owoh, I Go Chop Your Dollar, pale anayesema ni tapeli wa 419 (namba ya kifungu cha sheria yao kuhusu utapeli) na dola ni ya mtu mwingine, so hapo ni nitakupiga. Na ukisikia "e don chop our money", hela ni yetu sote, basi kama ni mhazini wa kikoba anayeongelewa ujue kaila. Kiswahili chetu kinafanya hivo hivo bila sisi kushtuka, mke kala hela ya mumewe saluni, mhazini kala hela ya kikundi, hakuna anayechanganya.

Afu kuna chop life, hiyo ni kula bata tu. Na chop slap ni kula kibao, hapo hakuna raha yoyote 😂 Ila usigeuze kinyumenyume, "kula njama" au "kula kiapo" ukimwambia Mnaijeria kwa chop atakuangalia tu.

Kabla ya yote hayo sikiliza kwanza ni pijini au la, ukisikia "dey", "na", "abeg" humo humo basi twende na kula. Kama ni rapa wa Marekani achana na hii hesabu, kule chopper inaweza kuwa bunduki, na chop it up ni kupiga stori. Yule shangazi bado ananiita Makato.