Usitume hela kabla hajalivaa gauni mbele yako

*"Wadau mteja anataka nimrudishie hela yote ya gauni, anasema limembana kifuani, kanitukana sana WhatsApp. Nimrudishie tu yaishe? Na nyie advansi mnachukua nusu au zaidi?"*

USITUME. Kama umeshafungua menyu ya kutuma hela, ifunge kwanza usome hii.

Mimi nilituma. Nilikuwa mwanafunzi wa cherehani kwa mama mmoja Sinza, ndo kwanza mwezi wangu wa tano, siku hiyo mama kaenda Kariakoo kufuata zipu na bitana kaniachia ofisi na simu ya kazi. Akaingia dada na gauni lake kwenye mfuko, hajakaa hata, sauti juu, limenibana, mmeniharibia kitenge, nawapost sasa hivi. Kuna kaka kwenye grupu letu la biashara alikuwa anatuhubiria kila siku kwamba mteja akilalamika mrudishie hela palepale, ndo utaaminika. Huyo kaka hajawahi kushika mkasi! Anauza maneno, na hela aliyokuwa anaigawa kwa mdomo haikuwa ya kwake. Mpaka leo namkasirikia.

Nikatuma 35,000 ya ushonaji na 60,000 ya kitenge chake, jumla 95,000, na gauni akaondoka nalo. Jumamosi nikaliona kwenye status yake, kalivaa harusini, zipu imefungwa mpaka juu.

Mama aliporudi siku ile hakunifokea. Aliniuliza vitu vitatu tu. Ulimvalisha? Ulimpima? Gauni liko wapi? Sikuwa na jibu hata moja, na hapo ndo palinichoma, maana mpaka leo sijui kama kosa lilikuwa letu au la yule dada, ushahidi uliondoka kwenye mfuko. Hela ilikatwa kwenye posho yangu wiki kwa wiki mpaka ikaisha.

Haikupita muda akaja mwingine na neno lilelile, limenibana nataka hela yangu. Safari hii mama yupo. Akamvutia kiti, "karibu mwanangu, pole, kaa kwanza," akamwacha aseme mpaka akaishiwa. Hakubisha, hakuahidi chochote. Halafu akamwambia aingie nyuma ya pazia alivae, na avae sidiria ile ile atakayoivaa siku ya shughuli. Kweli limebana, zipu inafika katikati inagoma. Mama akachukua tepu akampima upya: kifua inchi 41. Akafungua daftari mbele yake: siku ya kupima tuliandika 38. Gauni likavuliwa likalazwa mezani, kwapa hadi kwapa inchi 20, yaani mzunguko 40, ile 38 na inchi 2 za kupumulia. Sisi tulishona sawa, mwili ndo umeongezeka tangu siku ya kupimwa. Dada mwenyewe akacheka, akasema ananyonyesha.

Mama akaligeuza gauni nje ndani akanionyesha kwa nini huwa anatukataza kukata kitambaa mpaka kwenye mshono. Pembeni tulikuwa tumeacha inchi 1 kila kipande, na vipande ni vinne, mbele na nyuma, kulia na kushoto. Ukifumua ukaachia nusu inchi kila kimoja unapata inchi 2, gauni linakuwa 42. Nilifumua mimi, nikapiga pasi alama za uzi wa zamani, saa moja haijaisha dada kalivaa kaondoka nalo na hela ya kurudisha hakuiulizia tena.

Sasa usidhani mama alikuwa mgumu wa kulipa. Kuna gauni jingine daftari lilisema 38, mezani mzunguko ukasoma 36, na overloki ilishakula akiba yote, hakuna pa kuachia. Mama akasema mbele ya mteja "hili ni letu", akarudisha ushonaji wote na thamani ya kitambaa, akamwandikisha sahihi kwenye daftari kwamba kapokea. Lakini gauni likabaki ofisini. Hela ikitoka, nguo inabaki, hapo alikuwa habembelezeki hata na shemeji yake.

Kwa hiyo ndugu yangu hayo matusi ya WhatsApp yaache hapohapo, usijibu kosa ni la nani, ukishaandika "samahani tulikosea" atakuonyesha hiyo meseji kila siku. Mwandikie hivi: "Pole dada, naomba uje na gauni ulivae nilione, nitakupima upya mbele yako." Asipotaka kuja kulivaa, hela usitume.

Akija, pima, fungua daftari, lilaze gauni mezani, halafu rudi hapa utuambie tepu imesoma ngapi na ndani umeacha kiasi gani. Ukisema umekata mpaka kwenye mshono hapo kweli andaa hela.