Barabara Haina Hali ya Hewa

Swali: «Nimepiga picha ufunguo wa ramani ya kipimio cha 1:50,000 ili nitengeneze orodha ya alama na maana zake kwa marudio ya jiografia. Ufunguo umeandikwa kwa Kiingereza. Je, niandike kwamba alama "inasimamia", "inawakilisha" au "inaonesha" kitu? Na "barabara ya hali ya hewa yote" ni Kiswahili sahihi?»

Kwa kitenzi jibu langu ni fupi. Andika «inawakilisha». Ukipenda «inaonesha» au «inaonyesha» sitakukatalia, maana nimekwisha kuchoka kugombana na watu juu ya herufi moja. «Inasimamia» iache kabisa: mnyapara husimamia vibarua na mwalimu husimamia mtihani, lakini mstari wa buluu kwenye karatasi hausimamii mto wowote. Tena, katika orodha kitenzi hakihitajiki. Chora alama upande wa kushoto, andika maana upande wa kulia, na nafasi iliyo katikati itatosha kusema yaliyobaki. Neno «alama» limetoka Kiarabu, na «ufunguo» limezaliwa na kitenzi chetu «fungua». Asili yao haina mgogoro, nami nakwenda moja kwa moja kwenye jambo linalonikera.

«Barabara ya hali ya hewa yote» si Kiswahili. Ni maneno ya Kiswahili yaliyopangwa juu ya sentensi ya Kiingereza, na nimeyakuta katika madaftari mengi mno kuweza kuyanyamazia. Hali ya hewa ni jua, mvua, upepo, joto na unyevu wa mahali kwa wakati fulani. Barabara haina hata kimoja kati ya hivyo. Mchora ramani hakukusudia kueleza habari za mbingu. Alitaka kumwambia msafiri kama gari litapita au litakwama. Kiswahili kina maneno ya kulieleza jambo hilo, na wananchi huyatumia kila wanapodai barabara kwa mbunge wao: «barabara inayopitika mwaka mzima». Mwenzake, ambaye madaftari humwita «barabara ya hali ya hewa kavu», ni «barabara inayopitika kiangazi tu», au kwa kifupi «barabara ya kiangazi».

Huenda ukaona kwamba ninabishania ladha ya maneno. Sivyo. Mtihani wa kusoma ramani hauishii kwenye kutaja alama. Humtaka mwanafunzi aeleze shughuli za watu, usafiri na makazi kwa ushahidi wa ramani iliyo mbele yake. Tuseme ramani inaonesha soko na kituo cha biashara kando ya barabara ya aina ya kwanza, na vijiji vilivyotawanyika kwenye njia za kiangazi. Aliyekariri «hali ya hewa yote» hana pa kuanzia. Aliyeandika «inapitika mwaka mzima» tayari ana hoja mkononi: mazao ya vijiji vilivyo kando ya barabara hiyo hufika sokoni hata wakati wa masika, na ya vijiji vya mbali husubiri udongo ukauke. Ikiwa barabara ya kiangazi inakatiza eneo tambarare lenye alama za kinamasi, ataweza pia kutaja sababu, kwa kuwa maji hutuama hapo na udongo mzito wa mbuga hunasa magurudumu.

Balaa halikomi hapo, kwa sababu ufunguo wa ramani hizi mara nyingi hugawa barabara ya mwaka mzima katika aina mbili kufuatana na uso wake, nao wafasiri wa harakaharaka hutuletea «uso uliofungwa» na «uso uliolegea». Nani amewahi kusafiri katika barabara yenye uso uliofungwa? Kinachosemwa ni kwamba katika aina ya kwanza kokoto zimeshikamanishwa kwa lami, na katika ya pili changarawe imemwagwa na kushindiliwa bila kitu cha kuishikamanisha. Basi andika «barabara ya lami» na «barabara ya changarawe», kisha ongeza kwa zote mbili kwamba zinapitika mwaka mzima. Nyongeza hiyo usiiache, kwa kuwa wanafunzi wengi hudhani ni lami peke yake inayopitika masika. Wakiona changarawe huihesabu kuwa njia ya kiangazi, na maelezo yao yote ya usafiri hupotoka. Uso wa barabara ni jambo moja na kupitika kwake ni jambo jingine, na orodha yako iyaoneshe yote mawili.

Sasa picha yenyewe, kwani neno zuri lililoandikwa mbele ya alama iliyosomwa vibaya halimfai mtu. Hatari kubwa ni mistari iliyokatikakatika. Mto wa kudumu huchorwa kwa mstari mzima wa buluu, na mto wa msimu kwa mstari wa buluu uliokatika vipandevipande. Picha ikitikisika, mapengo hujaa ukungu na mito yote miwili hufanana. Tandaza ramani mahali tambarare penye mwanga wa mchana, zima tochi ya simu, shika simu sambamba na karatasi, na upige kila safu ya ufunguo peke yake badala ya kuubana ufunguo wote katika picha moja. Chini ya taa ya manjano rangi ya kahawia ya kontua huelekea kwenye nyekundu ya barabara, na kijani hafifu cha uoto hupotea. Ili ujue kama picha inafaa, ikuze kwenye skrini hadi mstari wa mto wa msimu uonekane: ukiweza kuhesabu vipande vyake, endelea, usipoweza, piga tena.

Ukishapata picha safi, usifuate mpangilio wa ufunguo kibubusa. Kusanya alama zinazoelekea kuchanganywa na uziweke zikifuatana: barabara ya lami, ya changarawe, ya kiangazi, njia ya miguu, kisha mto wa kudumu, mto wa msimu, bwawa, kinamasi. Kila alama uichore mwenyewe kwa penseli za rangi, kwa kuwa mkono unaochora mapengo ya mstari ndio unaoyakumbuka. Vifupisho uvinakili kwa herufi zilezile zilizo kwenye ramani, halafu uandike maana: BH, kwa mfano, ni kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine, wala hakifai kuitwa «kisima» tu kana kwamba ni kile kinachochotwa kwa ndoo na kamba. Bwawa na kinamasi navyo nakuomba uvitenganishe. Bwawa ni maji yaliyokusanyika mahali pamoja, aghalabu kwa kuzuiwa na ukuta. Kinamasi ni ardhi iliyolowa, yenye matete na matope, ambayo mtu hawezi kujenga juu yake bila kuikausha.

Mwisho, juu ya orodha andika jina la ramani, namba yake na mwaka wa kuchapishwa. Maana ulizoandika ni za ufunguo huo, na ramani nyingine yaweza kutumia mstari uleule kwa kitu kingine. Vilevile barabara iliyokuwa ya changarawe wakati wa upimaji huenda leo ina lami. Ukiulizwa juu ya ramani, jibu kwa ufunguo uliochapishwa juu yake, hata kama jana ulipita hapo kwa basi ukaiona lami kwa macho yako.