Doa jeusi nyuma ya mlango wa matatu

"Nimebeki AO ya matatu kwenye Substance Painter. Mlango ukifunguka ndani ya gemu, bodi ina doa jeusi. Nifanyeje?"

Wa Rongai: Punguza Max Frontal Distance, ndugu.

Fundi wa Poli: Hiyo ni dawa ya nomo map kuchukua umbo la kipande jirani. Doa la AO halitoki hivyo, maana miale yake huruka mbali zaidi na kugonga mlango uliofungwa. Ita vipande `mlango_low` na `mlango_high`, `bodi_low` na `bodi_high`. Weka Match kuwa By Mesh Name, kisha kwenye Ambient Occlusion weka Self Occlusion kuwa Only Same Mesh Name. Watu wengi husahau hiyo ya pili, halafu wanalaumu programu. Ila taa na bampa zisizosogea zipe jina moja na bodi, la sivyo zitaonekana zinaelea.

Mama Pikseli: Mimi kavacha yangu haionyeshi kingo kabisa, stima ikirudi nijaribu majina?

Fundi wa Poli: Majina hayahusiki, dada. Kingo za hai-poli umezilainisha, au ni kali kama wembe? Kona isiyo na mviringo huipa kavacha kitu kidogo sana cha kusoma. Tuma picha ya waya tuone.