Saa mbili usiku ya wapi? Kwa mnaoanza kupanga posti za watu waliotawanyika

Wadogo zangu, naandika hii kwa sababu wiki hii tena nimeletewa kalenda ya mwezi mzima, posti zote zimewekwa saa 6 usiku. Nikamuuliza kijana kwa nini saa 6 usiku, akanijibu kwa kujiamini kabisa kwamba wafuasi wa huo ukurasa nusu wako Dar na Nairobi, nusu wako Marekani, kwa hiyo kachukua katikati. Ni kijana mzuri, kapsheni zake tamu, picha anapanga vizuri, ila hili jambo naliona kila akija mtu mpya na nimechoka kulieleza kwa mdomo.

1. Katikati hakuna mtu.

Chukua huo huo ukurasa, ni wa mapishi ya pwani. Watu wa huku wanafungua simu kwa wingi wakishakula, kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 4, yani 20:00 hadi 22:00. Watu wa Minneapolis, Dallas na Houston, ambao wote wanatumia saa moja, nao wana tabia hiyo hiyo, 20:00 hadi 22:00 ya kwao, ila ya kwao kipindi cha majira yao ya joto huku kwetu ni saa 10 alfajiri mpaka saa 12 asubuhi. Ukiifungua ile grafu ya Most active times unaona nundu mbili na bonde kati yake. Sasa saa 6 usiku yetu ndo bonde lenyewe! Huku watu wamelala, kule ni saa 10 jioni, mtu bado yuko kazini au yuko barabarani anaendesha gari. Umemkosa huyu na yule.

Kwa hiyo ukiona nundu mbili, usitafute saa moja ya kuwaridhisha wote, panga mara mbili. Au tafuta saa ambayo ni kilele cha kundi moja na ni upenyo wa kundi lingine. Kwa huu ukurasa upenyo upo: saa 2 usiku yetu ni saa 6 mchana Minneapolis wakati wa majira ya joto, watu wako kwenye lanchi, London ni saa 12 jioni, Muscat ni saa 3 usiku. Saa moja hiyo inagusa makundi manne, na ndo maana posti kubwa ya siku naiweka hapo, halafu ile ya pili, rili fupi au kipande cha posti ya juzi, naipeleka alfajiri yetu kwa ajili ya Marekani.

Ila huo upenyo unahama. Ikifika Novemba, 20:00 yetu inakuwa 11:00 Minneapolis, mtu hajaenda lanchi, inabidi usogeze mpaka 21:00. Nitarudi hapo kwa sababu hapo ndo paliponiumiza.

2. Mteja akisema "saa mbili", muulize anaongea saa ya Kiswahili au saa ya kwenye apu.

Saa 2 usiku ni 20:00, kwenye apu yenye AM na PM ni 8:00 PM. Kila mwaka kuna mtu anaweka 2:00 AM na posti inatoka saa 8 usiku wa manane. Kwenye kalenda ya ofisi tunaandika tarakimu nne tu, 20:00, basi.

3. Usihifadhi jibu la hesabu, hifadhi saa ya msomaji.

Hili nitalieleza kwa urefu maana nililipia.

Kulikuwa na chama cha watu wetu wa Minnesota, nikiwasaidia ukurasa wao kutoka hapa Dar. Wakafiwa na mwenzao, kijana mdogo tu, na ikatakiwa kuchangisha pesa za kumsafirisha mwili aje azikwe nyumbani. Wakapanga laivu ya Jumapili saa 2 usiku ya kwao, watu wakishatoka kanisani na kazini, na familia ya huku nayo ingeingia kwenye laivu kuongea na wachangiaji. Kazi yangu ilikuwa bango, posti za kukumbusha, na ile posti ya mwisho inayosema "tuko laivu sasa, ingieni" na linki yake.

Nilifanya Jumatano. Nikafungua saa za dunia kwenye simu, nikaona Minneapolis iko nyuma yetu masaa 8, nikajumlisha: 20:00 ya Jumapili kule ni saa 10 alfajiri ya Jumatatu huku. Nikaandika kwenye bango saa zote mbili, nikapanga posti itoke 04:00 Jumatatu kwa saa za Dar, nikaangalia mara mbili mbili, nikafunga kompyuta nikiwa na amani kabisa. Na Jumatano ile hesabu ilikuwa sahihi.

Ila ile Jumapili ilikuwa ya kwanza ya Novemba. Siku hiyo saa 8 usiku Wamarekani wanarudisha saa nyuma, kwa hiyo kuanzia hapo Minneapolis iko nyuma yetu masaa 9, sio 8. Sisi huku hatugusi saa mwaka mzima, kwa hiyo hakuna kitu cha kukukumbusha, redio haisemi, simu yako haibadiliki, unalala na kuamka kama kawaida. Posti ikatoka 04:00 yetu, kule ikawa 19:00. Watu wakabonyeza linki, hakuna kitu, wakaandika "laivu iko wapi?", wengine wakasubiri dakika kumi wakaondoka kupika. Familia huku iliamka saa 10 alfajiri kwa sababu mimi niliwaandikia saa 10 alfajiri, na mzee wa marehemu alikaa na simu mkononi gizani lisaa lizima, siku chache tu tangu apewe habari za mwanae. Mwenyekiti ananipigia, simu yangu iko kimya, nimelala. Laivu ilipoanza kweli, saa 11 alfajiri yetu, hakukuwa na posti yoyote ya kuwaita watu maana ilishatumika. Waliingia wachache sana, na pesa iliyobaki ikabidi watu wapigiwe simu mmoja mmoja. Nilimpigia yule mzee kumwomba radhi, akasema "si neno mwanangu", na mimi mpaka leo ile sauti naisikia.

Apu haikukosea hata kidogo. Niliiambia 04:00 ya Dar, ikatoa 04:00 ya Dar. Nilichotakiwa kuiambia ni 20:00 ya Minneapolis. Ukiiwekea zana ya kupangia posti ukanda wa saa wa America/Chicago, ambao ndo wa Minneapolis, na ukaandika 20:00, yenyewe inajua tarehe ya kubadilika na inakokotoa vizuri. Na kama zana yako haina nafasi ya kuchagua ukanda kwa kila posti, basi kwenye kalenda weka safu mbili: ya kwanza saa na jina la mji wa msomaji, ya pili saa ya Dar, na hiyo ya pili ndo inayohakikiwa upya siku moja kabla. Ukiandika saa ya Dar peke yake, wiki tatu baadae hakuna anayekumbuka ulikuwa unamlenga nani.

Na muelewe hili: saa za dunia kwenye simu zinakuonyesha tofauti ya LEO. Posti ya wiki tatu zijazo inahitaji tofauti ya siku hiyo, kwa hiyo tumia kikokotoo kinachokuuliza tarehe, kama ule ukurasa wa Meeting Planner wa timeanddate.com.

4. Siku nayo inabadilika, sio saa tu.

Jumapili usiku ya Minneapolis ni Jumatatu alfajiri yetu. Nimeshaona mtu anahesabu saa vizuri kabisa, 04:00, halafu anaiweka Jumapili, posti inatoka Jumamosi usiku kule, siku nzima kabla. Ukiongea na mteja sema "usiku wa kuamkia Jumatatu" mbaki mnaelewana, na kwenye kalenda andika tarehe.

5. Wikiendi si moja.

Oman wanapumzika Ijumaa na Jumamosi. Emirati walikuwa hivyo hivyo mpaka 2022, sasa ni Jumamosi na Jumapili. Kwa hiyo Jumapili asubuhi mtu wa Muscat yuko ofisini, wa Dubai yuko kitandani, na ninyi mnawaweka kapu moja la "Ghuba". Ramadhani ndo kabisa, kilele kinahamia baada ya tarawehe na kingine kabla ya daku, grafu ya mwezi uliopita haikusaidii.

6. Goma, Bukavu na Lubumbashi wako nyuma yetu lisaa limoja, sawa na Kigali na Bujumbura. Kinshasa wako nyuma masaa mawili. Si wote wanaoongea Kiswahili wanatumia saa ya Nairobi.

7. Sio kila posti inadai haya yote.

Video ya YouTube itatafutwa na kupendekezwa miezi mingi, na wenyewe YouTube wanasema saa ya kuchapisha haijulikani kuathiri moja kwa moja matokeo ya muda mrefu, kwa hiyo usikeshe kwa ajili yake. Stori na status zinakaa masaa 24, kila ukanda utaamka na kuikuta bado ipo, ila ikiwa na "leo" ndani yake ujue leo ya nani. Nguvu zako weka kwenye laivu, mauzo yenye idadi, matangazo ya msiba, vitu ambavyo mtu akichelewa lisaa amekosa.

8. Jua zana yako imeshika saa ya wapi.

Kuna zinazofuata saa ya kompyuta, kuna zinazofuata saa iliyowekwa kwenye akaunti. Panga posti ya majaribio, badilisha ukanda wa saa kwenye kompyuta, fungua tena uone kama muda ulioandikwa umesogea. Mmoja wenu alisafiri Dubai akakuta kalenda yote imesogea lisaa, akahariri posti zote "kuzirekebisha", na zilikuwa sawa tangu mwanzo.

9. Tarehe za kuweka kwenye kalenda.

Marekani inasogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza na Ulaya Jumapili ya mwisho ya Machi. Kurudi nyuma, Ulaya ni Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa 2026 ni tarehe 8 na 29 Machi, 25 Oktoba na 1 Novemba. Angalieni hizo wiki za katikati, kuanzia tarehe 8 mpaka 29 Machi London na Minneapolis zinatofautiana masaa 5 badala ya 6, kwa hiyo jedwali la Januari wala la Juni halifanyi kazi. Na mkiona nundu ya grafu imehama lisaa zima ghafla mwezi Machi au Novemba, msiandike kwenye ripoti kwamba tabia za wafuasi zimebadilika, ni saa zao tu zimesogezwa. Wiki hizo mimi nafungua posti moja moja iliyopangwa, nasoma safu ya mji wa msomaji, nalinganisha na tarehe, na kuanzia mwaka huu nataka mfanye nyie nikiwa nimekaa pembeni naangalia.